Naomba nafasi ya fildi fupi, Alhamisi mchana mpaka Jumapili

Mzee wangu shikamoo. Samahani kwa ujumbe mrefu, najua asubuhi mna wageni, usome ukipata nafasi hata usiku sio mbaya. Mimi naitwa Mwanaidi, mtoto wa yule mama anayekaanga samaki pale soko la samaki, meza ya mwisho upande wa bahari, amesema nikikwambia hivyo utanijua, ulishawahi kunibeba nikiwa mdogo nikalia mpaka ukanirudisha. Namba yako kanipa yeye. Nyumbani ni Magomeni, ya hapa hapa Bagamoyo sio ya Dar.

Sa hivi niko mwaka wa pili chuo kikuu cha Dar es Salaam, nasoma akiolojia, yaani mambo ya kale. Naomba mnipokee ofisini kwenu nijifunze kazi ya kuongoza wageni kwa wiki sita, kuanzia Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa 12 mpaka katikati ya mwezi wa 1. Hii sio ile PT ya lazima ya chuo, nimeamua mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu atakayekuletea mafomu ya kujaza alama. Ila barua ya utambulisho kutoka idarani nitakuja nayo, na kitambulisho cha chuo, ili hata mtu akiuliza huyu ni nani usipate tabu.

Kuhusu muda niseme ukweli mapema tusije tukagombana mbele. Jumatatu mpaka Jumatano sipatikani kabisa, vipindi vimejaa asubuhi mpaka jioni, hata ukinipigia sitapokea mpaka saa 12. Alhamisi nina seminari moja tu saa 2 mpaka saa 4 asubuhi, nikitoka naenda moja kwa moja Makumbusho kupanda gari la Bagamoyo, foleni ya Tegeta unaijua, kwa hiyo tuseme saa 8 mchana nakuwa nimefika ofisini, siku mbaya saa 9. Ijumaa na Jumamosi ni zenu kutwa nzima, nakuja saa 2 asubuhi naondoka mkifunga. Ijumaa mchana mkienda msikitini mimi naweza kubaki kulinda ofisi na kupokea wageni. Jumapili ni mpaka saa 7 mchana tu, baada ya hapo narudi Dar kabla magari hayajajaa. Kuna wikiendi moja nina tesiti Jumatatu yake, hiyo nitaomba nisije Jumapili, tarehe nitakwambia wiki mbili kabla sio usiku wa kuamkia. Wiki ya sikukuu ndo vizuri zaidi, sina vipindi, niko nyumbani tu, na najua ndo kipindi wageni wanamiminika na nyie mnakosa mikono.

Sasa ninachotaka kujifunza. Mwaka jana nilienda mahali fulani, sitataja, nikakaa wiki tatu nachemsha chai na kutoa kopi, siku ya mwisho nikaandikiwa barua kwamba nimefanya vizuri sana. Chai nitachemsha mzee wangu, hiyo haina shida, mimi ni mtoto wa mama ntilie, ila naomba isiwe ndo kazi.

Kikubwa nataka kujua nyie mnasimuliaje. Darasani tunasoma Bagamoyo kwenye makaratasi, njia ya misafara mpaka Tabora na Ujiji, pembe za ndovu, watumwa, Wajerumani kuifanya makao makuu mpaka 1891 walipohamia Dar. Yote nimeyakariri. Ila mgeni akisimama mbele yangu pale Karavani Serai akauliza hili jina Bagamoyo maana yake nini, nitaanzia wapi? Kuna wanaosema ni mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa, na kuna wanaosema ni mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi njiani akapumua, na mwalimu wetu anaegemea hii ya pili. Nimeona mgeni kaja tayari anataka kulia, ukimwambia habari za wapagazi waliofurahi kufika pwani anaona kama unamficha kitu. Na utumwa ulikuwepo kweli, huwezi kuuruka. Wewe umefanya hii kazi miaka na miaka, nataka nikae pembeni nisikie unavyomjibu mtu wa hivyo bila kumdanganya na bila kumfukuza.

Na lingine la hapo hapo, wageni wote wanalijua jina la Livingstone, wanapiga picha pale misheni kwamba maiti yake ilifika Februari 1874. Waliombeba kwa miguu kutoka kule bara, Chuma na Susi na wenzao, wanatajwa kwa haraka kama wapishi wa harusi. Mimi ningependa siku moja nipewe hata kikundi kidogo cha wanafunzi wa shule nijaribu kusimulia nikianzia kwa hao wabebaji, wewe ukiwa nyuma yangu unanirekebisha.

La pili ni kuta. Nikipita na boda mtaa wa India naona nyumba za zamani zimepigwa plasta ya saruji juu ya jiwe la matumbawe, baada ya muda inabanduka na kipande cha jiwe. Tumefundishwa kwamba saruji inaziba, unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, wakati chokaa inaacha ukuta upumue. Kusikia hivyo darasani ni kitu kimoja, mimi sijawahi hata kushika chokaa iliyolowekwa. Kama kuna fundi mnayemfahamu anayejenga kwa chokaa na boriti za mikoko naomba mnipeleke hata nimchanganyie tu. Na Kaole ningependa kupiga picha kila ufa kwenye ule msikiti wa karne ya 13 na yale makaburi ya nguzo, nikiweka tarehe na kipimo pembeni, ili mwakani mtu akitaka kujua ufa umekua asibishane kwa macho. Nitaanza kupiga picha nikishapata ruhusa ya wahusika, sitaingia kienyeji.

Mimi nitawasaidia nini? Excel najua vizuri, naweza kuwapangia daftari la wageni mkajua wangapi walikuja na siku gani. Kiingereza naongea, Kifaransa ni cha kuombea maji. Kikwere nasikia ila nikijibu bibi anacheka. Kazi yangu ya kila wiki nitaiandika kwenye daftari na kila Jumapili kabla sijaondoka nitakuonyesha, dakika tano tu, uniambie wapi nimeandika uongo.

Mshahara siombi. Nauli nitajitegemea kwa bumu, ila bumu lenyewe huwa linachelewa, kwa hiyo ikitokea Alhamisi moja sijaonekana nitakuwa nimepiga simu asubuhi mapema. Chakula nitakula kwa mama, na nikija na samaki wa ofisi msikatae.

Jumamosi hii niko nyumbani. Kama hutojali nitapita ofisini saa 10 jioni mkiwa mmeshamaliza wageni, unione kwanza kabla hujaamua. Ukisema hapana pia sawa, ila basi unielekeze kwa mwingine mwenye uvumilivu. Jibu hata kwa kumwambia mama pale sokoni, atanifikishia kabla hata hujamaliza kununua.

Mwanao,
Mwanaidi