Hati ya kiapo ya kuomba muda wa kulipa deni la hukumu kwa awamu

KATIKA MAHAKAMA YA HAKIMU, LAMU
Kesi ya Madai Nambari E014 ya 2024

Mimi, Athman Bwanaheri, mkaazi wa Shela, mvuvi na nahodha wa boti ya abiria, naapa na kusema hivi:

Ndimi mdaiwa katika kesi hii. Tarehe 14 Februari 2025 mahakama hii iliniamuru nimlipe mdai Sh 186,000, bei ya mashine ya boti aliyonikopesha, pamoja na gharama za kesi Sh 24,500. Deni silikatai. Nimeshalipa Sh 40,000. Zimebaki Sh 170,500.

Nilikwama kwa sababu mashine ileile iliungua pistoni mwezi wa Novemba, kaskazi ndiyo kwanza inaingia. Fundi alinitoza Sh 62,000, na boti ikakaa mchangani wiki saba, wakati wenzangu wakibeba wageni na abiria wa Mokowe kila siku. Risiti ya fundi, daftari la mnunuzi wangu wa samaki na taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi sita nimeviambatisha.

Tarehe 12 Mei dalali wa mahakama alifika ufuoni, akapima boti kwa hatua zake na kuiandikia thamani ya Sh 140,000. Niliinunua Sh 320,000. Kusi limeshaanza kuvuma, na msimu huu hakuna mwenye haja ya kununua boti. Ikipigwa mnada sasa mdai hatapata hata pesa zake zote, na mimi nitabaki na deni bila chombo cha kulilipia.

Nilimwendea mdai mara mbili. Alitaka nusu ya deni kwa mkupuo; sina. Ndiyo maana naiomba mahakama, chini ya Amri ya 21, kanuni ya 12, ya Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010, iniruhusu kulipa kwa awamu hata kama mdai hajakubali, kwa kuwa sababu ninayo.

Nitalipa Sh 20,500 ndani ya siku saba baada ya amri kutolewa. Kisha, kila tarehe 5, Sh 7,500 kuanzia Juni hadi Septemba 2025, bahari ikiwa chafu. Na Sh 20,000 kuanzia Oktoba 2025 hadi Machi 2026. Hapo deni litakuwa limekwisha. Singependa kuahidi zaidi kisha nirudi hapa na visingizio.

Naomba pia mnada usimamishwe maadamu ninalipa. Nikikosa awamu hata moja, mdai awe huru kutekeleza hukumu kwa salio lote bila kuniletea ilani nyingine. Gharama za dalali za kufika ufuoni nitazibeba mimi, kwa kiasi mahakama itakachokadiria.

Niliyoyaeleza ni kweli kwa ninavyojua.

Imeapwa Lamu, tarehe 19 Mei 2025, mbele ya Kamishna wa Viapo.

Athman Bwanaheri
Mdaiwa