Ufa juu ya dirisha la chumba cha nyuma: maelezo baada ya kuondoa picha

Ndugu mafundi na wahandisi, habari zenu. Picha niliyokuwa nimeiweka nimeiondoa. Ilionyesha namba ya nyumba, na kwenye kioo cha dirisha alionekana mtoto wa jirani, jambo ambalo sikuliona mpaka baadaye. Hata hivyo picha yenyewe haikusaidia sana. Jua la mchana liliufanya ufa uonekane mpana mara mbili, na hapakuwa na kitu chochote cha kupimia pembeni. Kwa hiyo nimekaa na ukuta huu kwa siku mbili, nikaupima vizuri, na sasa nauelezea kwa maneno. Naomba tujadili sababu zinazowezekana kwa jumla. Sitarajii mtu aniambie akiwa mbali kama nyumba ni salama. Kazi hiyo nimemwita mhandisi aje aifanye kwa macho yake.

Nyumba ni ya chini, haina ghorofa. Imejengwa kwa matofali ya saruji, plasta ndani na nje, paa la bati juu ya kenchi za mbao. Ina miaka 11. Msingi ni wa mkanda wa zege. Kina chake sikijui kwa uhakika, maana nilinunua nyumba ikiwa imekwisha. Linta ya zege ipo juu ya madirisha na milango tu, haikuzungushwa nyumba nzima. Hili naomba mlikumbuke mnaposoma.

Ukuta wenye ufa ni wa nje, chumba cha nyuma. Ukisimama ndani ukautazama, dirisha liko katikati, na kona ya nyumba iko mkono wa kulia, mita 1.6 kutoka ukingo wa dirisha. Nitatumia kulia na kushoto kwa mtu aliyesimama ndani. Ukiwa nje, kila kitu kinageuka.

Ufa mkubwa uko juu ya dirisha, upande wa kulia. Unaanzia pale ukuta unapokutana na mbao inayobeba kenchi, kama sentimita 70 kutoka kwenye kona, kisha unashuka kuelekea kushoto kwa ngazi: unakwenda na kiungo cha kusimama kati ya tofali na tofali, unalala na kiungo cha chini yake, unashuka tena. Ngazi tatu kamili. Baada ya hapo unashuka wima pembeni mwa ncha ya linta, unaishia kwenye kitako chake. Haukuanzia kwenye kona ya dirisha kama nilivyodhani mwanzo. Linta imeingia ukutani sentimita 20 kupita ukingo wa dirisha, na ufa umeifuata hadi ncha hiyo. Niliupima kwa kulaza uzi juu yake kila pindo, kisha nikaupima uzi: mita 1.5.

Upana niliupima kwa biti za drili, upande wa mkia ulio laini. Biti inayoingia bila kulazimishwa na isiyochezacheza ndiyo kipimo changu. Juu kabisa, chini ya mbao, inaingia ya milimita 4. Kwenye ngazi ya pili ni milimita 2.5. Pembeni mwa linta hata ya milimita 1 inaingia kwa shida. Kwa hiyo ufa ni mpana juu na unakonda kadiri unavyoshuka.

Nimepitisha ukucha kwenye kingo mbili za ufa kuona kama upande mmoja umejitokeza mbele ya mwingine. Hakuna. Uso wa ukuta uko sawa, na timazi niliyoining'iniza ndani kwenye kona haikuonyesha ukuta kuegemea. Lakini ukiangalia mstari wa viungo vya kulala, pale plasta ya nje ilipobanduka, kiungo cha upande wa kona kiko chini kidogo kuliko mwenzake wa upande wa dirisha. Ni kama milimita 2. Kidogo, lakini kipo.

Je, umepenya? Ndiyo, juu. Usiku niliweka tochi nje na kuzima taa za chumba. Mke wangu aliyekuwa ndani aliona uzi wa mwanga wenye urefu wa sentimita 12 hivi karibu na mbao. Chini ya hapo giza tupu, ingawa nje ufa unaonekana mahali palepale.

Kuna ufa wa pili, mdogo, na nauweka kando makusudi. Unatoka kona ya chini ya dirisha, kushoto, unashuka kwa mshazari kuelekea kushoto kwa sentimita 40. Upana ni kama unywele, nje haupo. Nilikwangua plasta sehemu ya ukubwa wa kidole gumba: tofali na kiungo chake chini yake ni vizima. Tena rangi ya ukuta, iliyopakwa miaka 2 iliyopita, imeingia ndani ya ufa huo. Maana yake ulikuwepo kabla ya rangi. Ule mkubwa, kingo zake ni kali na safi, rangi imekatika kama karatasi iliyochanwa.

Sasa mwendo wake. Niliuona mara ya kwanza Machi 2025, ukiwa juu tu, ngazi moja. Tangu Aprili napima Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi kabla ukuta haujapata jua, sehemu ileile chini ya mbao. Aprili ilikuwa milimita 2, Mei milimita 2, Juni 2.5, Julai 3, Agosti 3.5, na Septemba 4. Ncha yake ya chini nimekuwa nikiiwekea alama ya penseli na tarehe. Iliifikia linta mwezi Julai, na tangu hapo haijasogea. Mvua za mwisho zilinyesha katikati ya Mei. Mnaona wenyewe kwamba ufa ulianza kufunguka kwa kasi baada ya ardhi kuanza kukauka.

Mazingira ya kona hiyo: udongo ni mweusi wa mfinyanzi, ukikauka unapasuka hadi kidole kinaingia. Mti mkubwa uko mita 5 kutoka kwenye kona. Bomba la gata linamwaga maji palepale chini ya kona, halina mfereji wa kuyapeleka mbali. Bomba la maji safi linapita chini ya ardhi upande huo, lakini nilifunga mabomba yote usiku mzima na mita haikusogea hata kidogo. Ndani, kati ya ubao wa chini wa ukuta na sakafu, kwenye kona hiyo kumefunguka nafasi ya milimita 3. Kona nyingine tatu hazina. Kuta nyingine hazina ufa unaozidi unywele. Dirisha bado linafunguka, ila bawa la kulia linakwaruza chini. Nilipopima mishazari miwili ya fremu nikapata tofauti ya milimita 6.

Maoni yangu ni kwamba kona ya kulia inatitia. Msingi wa mwisho wa ukuta ukishuka, kipande cha kona huvutwa chini na nje, na ukuta huchanika juu kwanza, ndiyo maana upana uko juu. Mshazari nao unapanda kuelekea kona inayoshuka, jambo ambalo watu wengi hulisoma kinyume. Ingekuwa katikati ya ukuta ndiko kunakozama, ningetegemea ufa uwe mpana chini na mwembamba juu.

Kwa nini inatitia, hapo ndipo nataka msaada wenu. Mfinyanzi huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, na mti hunyonya maji zaidi wakati wa kiangazi. Vipimo vyangu vinaelekea huko. Lakini maji ya gata kumwagika miaka 11 sehemu moja yanaweza pia kuwa yamelainisha ardhi chini ya msingi. Sababu hizi mbili zinahitaji tiba tofauti kabisa, na ukikosea unaweza kuzidisha tatizo. Hata kukata mti ghafla kwenye mfinyanzi kuna hatari yake: udongo uliozoea kukaushwa hupata maji tena, huvimba na kuinuka. Kwa hiyo mti sijaugusa.

Linta nayo nimeifikiria. Linta iliyokaa kwenye ukuta kwa sentimita chache hupasua tofali chini ya kitako chake. Hii imeingia sentimita 20, na chini ya kitako hakuna ufa. Nadhani ncha yake ni mahali dhaifu tu ambapo ufa umepata njia. Kunywea kwa matofali ya saruji ambayo hayakumwagiliwa vizuri sikuamini, kwa sababu ufa wa namna hiyo mara nyingi hutokea miaka ya mwanzo, husimama wima katika ukuta mrefu, na upana wake haubadiliki sana juu na chini. Huu wa plasta chini ya dirisha ndio unaweza kuwa na asili hiyo. Paa zito la zege linalotanuka kwa jua lingenipa ufa wa kulala juu ya ukuta. Mimi nina bati.

Kwa upana peke yake, ufa usiozidi milimita 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mdogo na unaoweza kukarabatiwa. Lakini hilo halijanituliza, kwani huu unakwenda. Ufa wa milimita 4 uliolala miaka 10 na ufa uliotoka milimita 2 ukafika milimita 4 ndani ya miezi 5 si kitu kimoja. Kwa sababu hiyohiyo nimekataa shauri la fundi mmoja la kuujaza saruji na kupaka rangi. Tungepoteza alama zote.

Ninachoomba: mliowahi kuona mshazari wa aina hii kwenye mfinyanzi, ulifunga tena mvua ziliporudi, na kwa kiasi gani? Na kuna dalili gani ninayoweza kuitafuta, bila kuchimba karibu na msingi, itakayotenganisha kunywea kwa udongo na kulainika kwa maji ya gata? Bomba la gata nimeliongezea kipande cha kupeleka maji mita 3 mbali, maana hilo ni sahihi kwa vyovyote vile.

Kitanda cha watoto tumekihamisha chumba cha mbele. Biti ya milimita 5 ikiingia, au ukuta ukianza kuegemea, au dirisha likikwama, tutatoka chumba hicho chote na kukifunga. Mhandisi anakuja wiki ya mwisho ya Septemba. Kipimo kinachofuata ni Jumamosi tarehe 4 Oktoba, na nitakiandika hapahapa chini ya maelezo haya.