Pindu la Sahibu Aliyehamia Malindi

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, pokea shairi hili ambalo nimelitunga kwa mtindo wa pindu, ambao wengine huuita mkufu: neno linalofunga mshororo ndilo linalofungua mshororo unaofuata, na hata ubeti mpya hauna ruhusa ya kuanza kwa neno geni. Washairi wengi huridhika kuunganisha beti tu, yaani hushika neno la mwisho la ubeti mmoja wakaufungulia ubeti wa pili. Mimi nimejifunga mshororo kwa mshororo, na sababu yangu si kujionyesha. Siku ile ulipoingia mashua ya kwenda Mokowe, neno lako la mwisho pale gatini lilikuwa "salama", nami kwa ghadhabu sikulijibu. Neno likiachwa hewani, mwenzi ndiye wa kulidaka. Nami nimekaa mwaka wa tatu huu bila kulidaka. Basi ninaanzia hapo hapo ulipokomea wewe.

Mizani nimeipima 8 kwa 8, yaani 16 katika kila mshororo, na kina cha mwisho kinabadilika kila ubeti. Vina vya kati nimeviachia huru kwa makusudi. Najua wazee wa barazani watanikosoa kwa hilo, na wana haki yao, lakini mtunzi aliyefungwa kamba mbili hufika mahali akasema jambo lisilokuwa ili kina kikae. Nami katika jambo hili nimekwisha kusema maneno mengi yasiyokuwa. Wewe mwenyewe hujawahi kunisamehe uongo hata ukija na vina. Mahali pachache utaona nimefupisha neno au nimelipanga tofauti na lisemwavyo dukani, na hiyo ni ruhusa ya kale ya washairi ambayo sikuitumia ovyo.

Usishangae kuona habari za kuunda mashua, za tezo, mkuku na kalafati, zimejaa humu. Nilijaribu kwanza kuusifu urafiki kwa maua, asali na mwezi, nikaona ninamsifu mtu nisiyemjua. Urafiki wetu haukukaa katika maua. Ulikaa mchangani Matondoni, ambako wewe ulichonga na mimi nikashika ncha ya pili ya ubao. Na ubao ule, kama utakavyosoma, ndio ulionirudishia akili mwaka jana nilipokuwa katikati ya mawimbi.

Beti ni 30, mishororo 120. Zisome kwa sauti, na ukifika mwisho wa kila mshororo pumzika kidogo, kisha ulirudie neno kama mtu aliyeitwa anavyoitika. Pindu likisomwa kimyakimya huonekana kama marudio tu. Utamu wake umo masikioni. Na neno la mwisho kabisa usilifunge. Nimekuachia wewe.

1
Salama uliyosema, siku ile ya gatini,
Gatini niliinama, nikatazama majini,
Majini ikaondoka, mashua yako machoni,
Machoni ikafifia, neno likabaki ndani.

2
Ndani lilikaa neno, kama mwiba wa samaki,
Samaki ukimmeza, mwiba wake hautoki,
Hautoki kwa tonge tu, na kwa maji haushuki,
Haushuki pasi neno, la kumjibu rafiki.

3
Rafiki tulikutana, tungali wadogo sana,
Sana tulipenda mbio, za punda tukishindana,
Tukishindana njiani, asubuhi na mchana,
Mchana wa jua kali, maji tukagawiana.

4
Tukagawiana embe, moja tu bila ya kisu,
Kisu hatukuwa nacho, meno yalikata nusu,
Nusu kubwa ni ya nani, hilo halikutuhusu,
Halikutuhusu deni, wala senti wala nusu.

5
Nusu ya ujana wetu, ulipita Matondoni,
Matondoni kwa mafundi, jahazi zi mchangani,
Mchangani ukichonga, nami nikiwa pembeni,
Pembeni nashika mbao, nyundo iko mkononi.

6
Mkononi mwako tezo, ilicheza kama ngoma,
Ngoma ya chuma na mti, pigo lake la kupima,
Kupima kwa jicho tupu, mbao zikakaa vyema,
Vyema ukakalafati, pamba ndani ikazama.

7
Ikazama pamba vile, kama siri kwa sahibu,
Sahibu ni kalafati, huziba penye aibu,
Aibu zangu wajua, hukuzifanya kitabu,
Kitabu ulikifunga, tena bila kuhesabu.

8
Kuhesabu nikaanza, mimi mwenyewe kwa fedha,
Fedha uliyoniomba, ukaiita karadha,
Karadha ya mbao zako, kwangu ikaleta adha,
Adha ikatia chumvi, maneno yakosa ladha.

9
Ladha ya kahawa yetu, ikageuka shubiri,
Shubiri niliitema, barazani kwa kiburi,
Kiburi kikanituma, nikakudai dhahiri,
Dhahiri wakasikia, wakaibeba habari.

10
Habari ina miguu, Lamu haikosi punda,
Punda akaipakia, Mkomani akaenda,
Akaenda hata Shela, kila kona ikatanda,
Ikatanda kama wingu, wewe kimya ukakonda.

11
Ukakonda wala huna, kishindo wala kelele,
Kelele zote ni zangu, kwako neno moja: pole,
Pole uliyoitoa, nikaidhani ni ndwele,
Ndwele ilikuwa yangu, siyo ya mtu wa kule.

12
Kule Malindi ukenda, na kisanduku cha vyombo,
Vyombo vyako vya ufundi, ukavipeleka ng'ambo,
Ng'ambo ya mto Sabaki, ukaanza upya mambo,
Mambo yako nikapata, kila basi lina jambo.

13
Jambo hili lilizuka, mwanzo wa pepo za kusi,
Kusi ilivuma kali, mashua ikenda kasi,
Kasi tukapita Manda, mawimbi kama farasi,
Farasi bila hatamu, nikapatwa wasiwasi.

14
Wasiwasi wa mashua, ile uliyoijenga,
Uliyoijenga wewe, kila mbao ukaunga,
Ukaunga na kuziba, kabla mimi kukupinga,
Kukupinga ni ulimi, mbao hazikunitenga.

15
Hazikunitenga mbao, maji hayakuingia,
Hayakuingia ndani, nikakaa kuwazia,
Kuwazia ile kazi, uliyofanya kwa nia,
Nia isiyotazama, nani atailipia.

16
Atailipia nani, nikafungua daftari,
Daftari la duka langu, lililokaa tayari,
Tayari na jina lako, deni kwa wino dhahiri,
Dhahiri, ila ufundi, nimeandika sifuri.

17
Sifuri ni siku ngapi, ulizochonga mkuku,
Mkuku na mataruma, mchana hata usiku,
Usiku kwa taa ndogo, hukudai hata kuku,
Kuku siye wala pesa, ulichonga kwa shauku.

18
Shauku haina bei, ila siku hupimika,
Hupimika kwa ujira, nami nikaziandika,
Nikaziandika zote, deni likageuzika,
Likageuzika deni, mdai akadaika.

19
Akadaika mwenyewe, aliyepaza sauti,
Sauti ikanyauka, nikakaa kwenye kiti,
Kiti kikawa ni mwiba, nikabaki na laiti,
Laiti ningekujibu, kabla hujavuka gati.

20
Gati ipo, mji upo, punda wanabeba mawe,
Mawe bila ya chokaa, hayashikani yenyewe,
Yenyewe huporomoka, mwenye nyumba afukiwe,
Afukiwe nani kwanza, ni mimi ama ni wewe?

21
Wewe wajua chokaa, huchomwa kwanza kwa kuni,
Kuni za mti mkavu, tumbawe likiwa ndani,
Ndani likishakuiva, hutiwa maji shimoni,
Shimoni huzimwa moto, ndipo ifae nyumbani.

22
Nyumbani kwetu ni vivyo, tulichomwa na hasira,
Hasira ikishazimwa, huacha kitu imara,
Imara kuliko mwanzo, wa utoto na papara,
Papara imeondoka, nimegeukia bara.

23
Bara nakuja mwenyewe, Mokowe nipande basi,
Basi lipite na Witu, Garsen liongeze kasi,
Kasi hiyo haitoshi, kwa mwenye moyo mwepesi,
Mwepesi, nimeutua, mzigo wa ukakasi.

24
Ukakasi wa ulimi, dawa yake ni halua,
Halua ile ya Lamu, ambayo unaijua,
Unaijua ilivyo, vidole huvichukua,
Huvichukua pamoja, vyetu bila kuchagua.

25
Kuchagua neno zuri, la kuomba samahani,
Samahani nayo ndogo, kwa doa la barazani,
Barazani nilikosa, nitarudi hadharani,
Hadharani nikasome, shairi hili jioni.

26
Jioni watu wakiwa, wamekaa kwa kahawa,
Kahawa ikimiminwa, kwa vikombe vya kugawa,
Kugawa kosa siwezi, lote mimi nimepewa,
Nimepewa na dhamiri, kadhi wa kuogopewa.

27
Kuogopewa si sifa, sahibu huambwa kweli,
Kweli yataka chumbani, si sokoni kwa ukali,
Ukali wa hadharani, huangusha na fahali,
Fahali hukuanguka, ukaondoka kamili.

28
Kamili nimeuchana, ukurasa wa hesabu,
Hesabu mpya yasema, nikulipe ni wajibu,
Wajibu u mfukoni, usinipinge, habibu,
Habibu ukikataa, wanitia majaribu.

29
Majaribu yamekwisha, mashua inakungoja,
Inakungoja kwa pamba, kalafati ya pamoja,
Pamoja kama zamani, nyundo mbili, pigo moja,
Moja ni pigo la kwako, la pili mimi nakuja.

30
Nakuja, kwanza naomba, unijibu kwa maneno,
Maneno yawe ya pindu, yasianze kwa mfano,
Mfano nimeuchoka, nataka kuona wino,
Wino uanzie hapa, ninaponyosha mkono.