Kuhusu kesho

Mpenzi, uliniaga ukasema unalala, lakini nakuona uko hewani mpaka saa hizi. Nilitaka kupiga, nikaghairi. Kwenye simu utaniambia "niko sawa, usijali" na maongezi yataishia hapo. Kwa hiyo nakuandikia kuhusu kesho, nitakapokupeleka nyumbani kwetu uonane na familia yangu. Ni ndefu, nakwambia mapema. Ukipitiwa na usingizi katikati, utamalizia asubuhi.

Sikwambii usiogope. Mtu ukimwambia asiogope anabaki na hofu yake ileile, na juu yake anaongezewa kazi ya kuificha. Ogopa tu. Moyo utaenda mbio, viganja vitaloa, mdomo utakauka. Ni adrenalini hiyo, na haisikii amri ya mtu. Ukishakaa kitini ukaongea mawili matatu itaanza kushuka yenyewe.

Najua kinachokukosesha usingizi. Wala si nguo, ingawa umenitumia picha za mashati mpaka nimechanganyikiwa (vaa lile la bluu, basi, tumalize). Ni pale mlangoni. Mama atatoka, atakushika mkono kwa mikono yake miwili, atasema "Karibu mwanangu, unaitwa nani vile?" Jina lako ameshaambiwa mara mia, lakini atauliza tu, kwa sababu ndivyo anavyoanza maongezi na kila mgeni.

Nimekuona ukikwama kwenye jina lako. Benki, kwa daktari, kwa yule mlinzi wa getini aliyekutolea macho mpaka nikataka kumsukuma. Maneno mengine una ujanja nayo. "Jumamosi" ikigoma unasema "mwisho wa wiki", na aliye mbele yako hata hashtuki. Jina halina mbadala. Huwezi kulizunguka, na anayekuuliza anategemea ulitoe papo hapo. Ndiyo maana watu wengi wenye kigugumizi husema jina lao ndilo neno linalowatesa kuliko yote. Si wewe peke yako, na wala si kwamba umezidiwa na woga kuliko wanaume wengine. Kigugumizi kimeanza nawe tangu utotoni, kiko kwenye namna ubongo unavyopanga usemi. Woga na haraka vinakichochea tu.

Sasa sikiliza nilichofanya na nisichofanya.

Sijamwambia mtu yeyote nyumbani. Dada amenichokonoa, "Mbona huyo shemeji hapokei simu, anatuma ujumbe tu?" Nikamjibu kwamba ndivyo anavyopenda, basi. Habari ya ulimi wako ni yako. Ukitaka niwadokeze asubuhi kabla hujafika, nitawaambia kwa sentensi moja, bila sauti ya kuomba msamaha. Ukitaka uwaambie mwenyewe, sawa. Ukitaka waisikie tu wakati unaongea na isisemwe kabisa, hiyo nayo ni sawa. Kama unataka maoni yangu, ungeisema mapema, mwenyewe, kwa kifupi: "Mimi nina kigugumizi, mnivumilie kidogo." Nguvu nyingi unayoitumia si ya kuongea, ni ya kuficha. Nimekuona siku ulizomwambia mtu waziwazi. Mabega yanashuka, na maneno yenyewe yanatoka vizuri zaidi. Lakini hilo ni shauri, uamuzi ni wako.

Pale mlangoni nitakuwa pembeni yako, sitakuwa nimetangulia ndani. Jina ukilianza, sitakumalizia. Hata likichukua muda. Hata mama akinigeukia kwa macho ya "msaidie". Nakumbuka uliponiambia kwamba kumaliziwa neno ni kama kunyang'anywa kijiko mdomoni, sijasahau. Ila tukipatana sasa hivi kwamba nikutambulishe mimi, nitawahi hata kabla mama hajafungua mdomo: "Mama, huyu ndiye yeye," na jina kamili. Chagua lolote, ila chagua usiku huu ili kesho tusitazamane kama wezi.

Kuhusu watu wenyewe.

Mama anauliza maswali mfululizo. La pili linakuja kabla hujamaliza la kwanza. Usikimbizane naye. Jibu moja unalolitaka, mengine yaache, hata hatakumbuka kama aliyauliza. Kuna kitu kimoja nakuonya: akikuona umekwama atakwambia "taratibu mwanangu, vuta pumzi." Najua unavyoichukia hiyo, na najua haisaidii kitu. Atakuwa anasema kwa upendo. Ikitokea, mimi nitamshika goti chini ya meza. Ni ishara yetu tangu zamani, anaielewa, atanyamaza.

Baba hataongea. Naomba ulishike hili vizuri kwa sababu hapa ndipo wengi huumia bure. Atakusalimia, atakaa, atakuwa anatazama dirishani, na wewe utaanza kujihesabia makosa. Yuko hivyo kwa wote. Mume wa dada alikaa naye siku ya kwanza saa nzima bila neno, akaondoka akiamini amekataliwa, kumbe baba jioni alimwambia mama "kijana mtulivu yule." Kimya chake usikijaze. Kwako wewe hiyo ni zawadi, mtu ambaye hakudai maneno.

Lakini jiandae na kitu kingine. Baba ni mtu wa historia. Akikusikia unakwama, ninavyomfahamu, kuna uwezekano mkubwa akazinduka na kukusimulia habari za Mfalme Joji wa Sita wa Uingereza: alivyokuwa na kigugumizi, alivyosaidiwa na yule mtaalamu wa usemi kutoka Australia, Lionel Logue, na jinsi alivyolihutubia taifa redioni tarehe 3 Septemba 1939 vita vilipotangazwa. Umeisikia hadithi hiyo kwa kila mtu aliyewahi kukufariji, najua, mpaka ukasema ukiisikia tena utahama mji. Vumilia. Ukiona baba anahadithia, ujue ameshakupenda. Wageni asiowajali hawapewi hata tarehe.

Dada atakutania. Hataki jibu la maana, anataka kuona kama unacheka. Cheka. Ukipata la kumrudishia, mrudishie, usimwonee haya, ndiyo lugha yake.

Bibi hasikii vizuri sikio la kushoto, kaa kulia kwake. Nyie wawili mtaelewana kuliko wote, maana yeye hana haraka na neno la mtu. Amezoea kusubiri sentensi zimfikie. Msalimie yeye kwanza, akikushika mkono asiuachie, usiutoe, hata nusu saa.

Na mtoto wa kaka. Huyo ana miaka mitano na hana breki. Atakusogelea aulize "Kwa nini unaongea hivyo?" mbele ya watu wote, na chumba kizima kitaganda. Usigande nao. Mjibu kama ulivyomjibu yule mtoto wa jirani yako: "Maneno yangu mengine hukwama, halafu hutoka." Yule mtoto alisema "sawa" akaendelea na mpira wake. Huyu naye ataenda kwenye swali linalofuata, ambalo litakuwa "Utamuoa shangazi lini?" Hilo nakuachia, pambana nalo mwenyewe.

Shangazi yangu ndiye sina uhakika naye. Ana ulimi. Anaweza kukufananisha na mtu niliyekuwa naye zamani, au kukuuliza mshahara kabla hujakaa. Sitakudanganya kwamba atakuwa mtamu. Nikisikia ametoka nje ya mstari nitamkata mimi, kwa sababu ni shangazi yangu na kazi hiyo ni yangu. Wewe usijitetee wala usimwelezee. Sema "nitakujibu siku nyingine, shangazi," tabasamu, geuka kwa bibi.

Ukichoka, niulize kama nimebeba chaja. Usinikonyeze, usinikanyage mguu, sitaelewa na nitauliza "nini?" kwa sauti. Uliza tu chaja. Nitasema nimeiacha kwenye gari, tutaitafuta wote wawili, tutakaa huko nje mpaka upate pumzi. Hata dakika 20. Na ukiuliza chaja mara ya pili, tunaaga na kuondoka, hakuna atakayeulizwa sababu.

Halafu kuna kesho usiku. Nakufahamu. Utalala chali ukirudia kila neno: pale nilikwama, pale mama alitazama chini, pale dada alicheka nini. Kuna utafiti wa mwaka 2018 niliwahi kuusoma, wa wanasaikolojia waliowakutanisha watu wasiojuana wakaongea, kisha wakamuuliza kila mmoja amempenda mwenzake kiasi gani, na anadhani mwenzake amempenda yeye kiasi gani. Watu kwa kawaida walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Hao ni watu wa kawaida, ulimi hauwasumbui. Sasa wewe unayejihukumu kwa kila herufi, hesabu zako za kesho usiku sitaziamini hata kidogo, nakwambia mapema. Utaniambia "walinichukia" na mimi nitakuuliza nani, alisema nini, saa ngapi.

Kitu kingine, kisha nakuacha. Umekuwa ukisema "nisije nikakuaibisha". Ulisema juzi, ukasema tena leo jioni. Sijalipenda hilo neno. Mimi sikupeleki nyumbani kwetu kuomba ruhusa. Nilishaamua, na mama anajua kwamba nilishaamua, ndiyo maana ana hamu hivyo. Wakikupenda kesho, nitafurahi sana. Wasipokupenda kesho, watakupenda mwakani. Wakichelewa zaidi ya hapo, shauri yao. Hakuna sentensi unayoweza kukwama nayo pale sebuleni ikanifanya nikuangalie kwa jicho jingine. Uliponiambia unanipenda ilikuchukua muda mpaka chai ikapoa, na mimi sikutamani ungeisema haraka zaidi.

Nitakupitia saa 4 asubuhi. Usije mwenyewe, usianze kutafuta njia na kumuuliza mtu maelekezo, nguvu hiyo itunze. Kula kitu kabla. Njiani tutaweka muziki na utaimba, maana ukiimba hukwami, na mimi napenda sauti yako hata ukipotea noti.

Sasa nijibu mambo mawili tu: jina utalitaja wewe au nilitaje mimi, na niwadokeze asubuhi au ninyamaze. Ukishanijibu, zima simu ulale kweli.