Ujumbe kwa mdogo wangu, Ujiji

Assalaam alaykum mdogo wangu. Poleni na pilika. Mwali hajambo? Huku Isevya tu wazima.

Kadi ya harusi imenifikia juzi. Nimelisoma jina la mwanetu pale mara mbili, nikakumbuka ulivyomleta Tabora ana miezi minne, halali mpaka nimbebe mgongoni.

Mdogo wangu, mimi sitakuja. Nakwambia mapema, tena mimi mwenyewe, usije ukalisikia kwa watu siku ya kupanga wageni pa kulala. Siumwi na nauli ninayo, kwa hiyo sitakutungia homa. Njia ya Kaliua na Uvinza naijua hata usingizini. Nina udhuru wangu, nimeupima wiki nzima, na nimeona nikibaki huku nitakuwa na moyo mweupe kwa shughuli yenu kuliko nikija. Kama sababu umeihisi, basi iishie hapo hapo ulipoihisi. Usimpigie mtu, usifute jina la yeyote, usihamishe kiti cha yeyote. Siku ni ya mwanetu.

Ukiulizwa ukumbini, sema dada kapata udhuru, analeta salamu. Mama hatatosheka na hilo, na sauti itapanda. Mwambie anipigie mimi.

Mchango niliahidi shilingi 200,000. Mweka hazina nilishampa 150,000, na 50,000 iliyobaki nimeituma jana kwenye simu yako, angalia. Kadi yangu ni ya dabo, mpe yule jirani yako na mumewe, maana amehangaika na vikao kuliko ndugu wengine. Ndoo ya asali ya Sikonge inakuja na treni. Ni ya bibi harusi peke yake, kwa hiyo ifiche uvunguni, mawifi zako nawajua.

Ile kazi yangu ya mama mkubwa siikimbii. Alhamisi baada ya isha mpe mwali simu, kisha mtoke chumbani wote, hata wewe. Nina maneno yake nimeyaweka tangu alipovunja ungo. Mbele za watu aseme shangazi yake. Mimi hata ningekuwepo ningeishia kulia tu, unanijua.

Kitenge cha sare nilishashona, na fundi kanibana kwapani. Jumamosi nitakivaa hivyo hivyo hapa nyumbani, nikutumie picha. Na wewe nirushie za mwali akitoka, usingoje za mpiga picha, hao huchukua miezi.

Wakipumzika, maharusi wapande treni waje walale kwangu siku tatu. Jogoo yupo. Waniletee migebuka na dagaa waliokauka sawasawa, maana wale wa mwisho ulionitumia walikuwa nusu dagaa, nusu mchanga wa Kibirizi.

Dada yako