Barua kwa Mama Zuhura: yaliyoamuliwa kikao cha maji Jumamosi tarehe 14 Juni

Mama Zuhura asalam aleikum, pole sana na kuuguza, kikao kizima tulimuombea bibi na mwenyekiti kasema tukupe salamu kwanza kabla ya mambo mengine. Tunajua upo hospitali ya Bombo na hukuacha kuja kwa kupenda kwaiyo udhuru wako umeandikwa kwenye kitabu, hilo usilifikirie kabisa.

Sasa nakuandikia niliyoambiwa na kamati nikufikishie, mengine yanakuhusu moja kwa moja.

Jambo kubwa lilikua maji yanayopotea. Mwezi wa tano mita kuu pale yanapotokea tenkini imesoma uniti 310, alafu ukijumlisha mita za vilula vyote vinne unapata 220 tu. Uniti 90 hazijulikani zimeenda wapi mama, na uniti moja ni lita elfu moja yani ndoo hamsini, kwa bei yetu ya shilingi 50 hapo ni 225,000 mwezi mmoja imenyonywa na ardhi au imeingia mahali tusipopajua. Wapo waliosema tupandishe ndoo iwe 100 tufidie, tulibishana sana mpaka adhana ya adhuhuri ikatukuta, mwisho tukakubaliana HAPANA bei inabaki 50 mpaka tujue maji yanakwenda wapi. Mimi mwenyewe nilisimamia hilo kwa sababu huwezi kumwambia mama mwenye watoto sita alipe mara mbili kwa maji ambayo hata hakuyachota, watarudi korongoni kuchota na ng'ombe na kipindupindu hakipigi hodi.

Kwaiyo wewe umepangiwa kusimamia jaribio la usiku, wewe na fundi. Ni hivi, saa 4 usiku vilula vyote vinafungwa na wahudumu wanahakikisha hakuna koki inayodondosha, mnasoma mita kuu mnaandika, alafu saa 11 alfajiri kabla mtu hajafungua mnasoma tena. Mita ikiwa imesogea basi huenda bomba linavuja ardhini. Ikiwa haijasogea tatizo liko mchana, labda mita za vilula zimechoka au kuna anayeuziwa bila kupita kwenye mita. Mfanye usiku tatu sio mmoja, maana usiku mmoja unaweza kukudanganya. Tumekuchagua wewe kwa sababu nyumba yako iko karibu na tenki na pia wahudumu wa vilula wanakuheshimu, ukiwaambia fungeni wanafunga bila maneno. Fundi yeye anashuku pale bomba linapokatiza korongo ng'ombe wanapopita, mkipata muda mpite mpaangalie kama majani yamekua mabichi kuliko kwengine kiangazi hiki.

La pili ni klorini. Tunaosha tenki Jumamosi tarehe 28, barua ya kuombea tumeshaiandika na mwenyekiti amegonga muhuri, mweka hazina atampa kondakta wa basi la asubuhi akuletee. Ukirudi si gari linakupitisha Chanika, basi shuka upitie ofisi ya RUWASA uwape barua wakupe HTH ya asilimia 65. Kwa tenki letu la lita 10,000 fundi amepiga hesabu ni gramu 770 hivi, omba kilo moja. Tafadhali sana ibebe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, isilowe na isikae karibu na mafuta ya taa wala dizeli kwenye gari maana inaweza kuwaka. Nauli ya kutoka Chanika na ya bodaboda nitakutumia kwenye simu, tunza risiti.

Mengine kwa ufupi, hela za vilula sasa zinapelekwa benki kila Jumatatu hazilali tena kwa mtu, nyumba za wale wazee wawili wasiojiweza wanaendelea kuchota ndoo mbili bure kwa siku, na mhudumu wa kilula cha shule amepewa onyo kwa kufunga kabla ya muda.

Mama kama bibi hajapata nafuu na huwezi kurudi kabla ya tarehe 24 nijulishe mapema, jaribio la usiku tutamwomba mke wa mwenyekiti aanze na klorini nitaifata mwenyewe, mgonjwa ndo wa kwanza. Ila ukiweza tutafurahi sana kwa sababu kwa kweli bila wewe lile jaribio watu watalichukulia mchezo. Nijibu hata kwa meseji ndio au hapana ifikapo Alhamisi, ufunguo wa chemba ya mita kuu ameuweka mwenyekiti na daftari la kuandikia nimeshalichora mistari, lipo kwa mwanao Zuhura.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Maji
Handeni, 16 Juni 2025