Maelekezo ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Henia, ya Kusomwa kwa Sauti Mbele ya Mgonjwa
Wodi ya Upasuaji ya Wanaume, Arua

Mzee wetu, utapasuliwa henia siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi. Mwanao anayekuuguza akusomee maneno haya polepole, mara mbili, jioni ya Jumanne.

Jumanne kula chakula cha jioni kama kawaida, posho na maharagwe au mihogo, lakini ifikapo saa sita usiku uache kabisa kula. Uji, maziwa na chai ya maziwa tunavihesabu kuwa chakula, hata kama vinanywewa kikombeni. Tafadhali usiamke kula daku. Tunajua kwamba katika Ramadhani mfungaji hula kabla ya alfajiri, lakini mfungo huu ni tofauti, kwa kuwa tumbo linahitaji saa nyingi kumaliza kazi yake.

Maji matupu unaruhusiwa kunywa usiku. Ukisikia adhana ya alfajiri, meza kidonge chako cha presha, amlodipini, kwa maji kidogo. Baada ya hapo usinywe kitu chochote, hata maji.

Sababu yake ni hii: dawa ya usingizi hulegeza koo, na koo likilegea, chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu, jambo linaloweza kuua. Kwa hiyo, ukiwa umekula au kunywa kwa kusahau, mwambie nesi ukweli kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Hutagombezwa; tutasogeza mbele saa au siku ya upasuaji, na hilo ni afadhali kuliko kuhatarisha uhai wako.

Usinywe pombe wala kuvuta sigara tangu Jumanne. Kama umetumia mitishamba yoyote, hata ile uliyopewa na ndugu kwa nia njema, tuambie, kwa sababu baadhi yake huongeza kutokwa damu.

Asubuhi oga mwili mzima kwa maji safi na sabuni, wala usijipake mafuta. Usijinyoe kinena kwa wembe, kwani wembe huacha vidonda vidogo vinavyoingiza vijidudu. Ikihitajika, tutakunyoa sisi. Pete, saa na meno ya bandia umkabidhi mwanao. Njoo na dawa zako zote katika pakiti zake.

Kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi ya idhini, daktari atakueleza atakachofanya na hatari zake. Usiweke dole hadi umeelewa, na uliza tena bila haya.

Msomaji, ukimaliza, usimuulize mzee kama ameelewa, maana wengi huitikia kwa heshima tu. Mwombe akueleze mwenyewe: ataacha kula saa ngapi, ataacha kunywa maji lini, na atameza dawa gani. Akikosea popote, msomee tena sehemu hiyo.